Somo: Karani hatafuti "Ubatilishaji", anatafuta alipokosea kilo

Msimu uliopita wa korosho nilikaa kando ya karani wa mizani kwenye chama cha msingi huku Tandahimba. Mzigo ulikuwa kilo 480, yeye akaingiza 840. Akafungua mwongozo wa programu, kidole kikashuka kwenye yaliyomo: Moduli ya Mapokezi, Usimamizi wa Rekodi, Ubatilishaji wa Miamala. Akaufunga, akapiga simu. Jibu lilikuwamo humo humo, chini ya "Ubatilishaji". Mwongozo ule niliuandika mimi, nikifuata menyu. Leo tunaupanga upya, tukifuata kazi za karani.

Hatua ya 1: anza na siku ya karani. Muulize amefanya nini tangu asubuhi, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Wangu alisema: kupokea mzigo, kumpa mkulima risiti, kurekebisha kilo, kufunga siku, kusafirisha kwenda ghalani. Hizo ndizo sehemu za mwongozo, kwa mpangilio huo. Kazi ikipita skrini tatu, iache yote mahali pamoja.

Hatua ya 2: andika kichwa kwa kitendo. "Ubatilishaji wa Miamala" nikaugeuza kuwa "Kurekebisha kilo ulizokosea". Hapo nikaona kumbe ni kazi mbili. Kabla ya kufunga siku, karani hurekebisha mwenyewe. Ikishafungwa, lazima meneja aidhinishe. Kwa hiyo vichwa vikawa viwili, na cha kwanza kikawa hivi:

*Kurekebisha kilo kabla ya kufunga siku*
1. Chukua risiti yenye kosa, usome namba yake.
2. Fungua Mapokezi, andika namba hiyo.
3. Bonyeza Batilisha. Mstari utageuka mwekundu.
4. Ingiza kilo sahihi, uchape risiti mpya.

Hatua ya 3: jaribu vichwa vitupu. Chapa yaliyomo peke yake, umpe karani tatizo: "Mzigo umeandikwa mkubwa kuliko ulivyo, utafungua wapi?" Usitaje "kurekebisha", maana utakuwa umeshampa jibu. Makarani wawili wakionyesha sehemu tofauti, kichwa hakijakaa sawa. Sikiliza neno analolitamka akiwa anasita, mara nyingi ndilo kichwa unachokitafuta.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Kwetu Nachingwea kitufe kimeandikwa "Reverse Entry". Nikitafsiri?*

Usitafsiri, ndugu yangu. Kwenye hatua andika "bonyeza Reverse Entry" kama kinavyosomeka, la sivyo atatafuta kitufe ambacho hakipo. Maneno ya karani yakae kwenye kichwa.

*Bosi wangu anataka kila menyu ielezwe. Nifanyeje, dada?*

Mpe, ila iwe sehemu ya mwisho, imepangwa kwa skrini. Anayekwenda huko tayari anajua jina la kitufe. Kisha kwenye faharasa weka "Ubatilishaji: tazama Kurekebisha kilo", ili aliyezoea neno la programu naye afike.

*Na kazi inayofanyika mara moja kwa msimu, kama kusajili mizani mpya?*

Itenge na kazi za kila siku. Mimi nimeiweka chini ya "Kabla msimu haujafunguliwa", kwa sababu ndivyo makarani wenyewe wanavyoutaja wakati huo.