Somo: Pasipoti imepotea nawe uko hapa hapa Bongo, anza na losi ripoti

Wiki hii nimeulizwa hili inboksi mara nne, wa mwisho saa tano usiku. Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia linki.

1. Tafuta kwanza. Begi la safari, droo ya mama, kwa dobi. Ukishairipoti, imekufa.

2. Losi ripoti ya polisi. Ingia lormis.tpf.go.tz, jaza, lipia, chapisha. Hii ni ya kitu kilichopotea. Kama umeibiwa, nenda kituoni ufungue jalada upewe RB.

3. Hati ya kiapo. Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo soma taratibu.

Yangu ilipotea kwenye daladala ya Mbezi. Losi ripoti nikaandika imepotea Kariakoo tarehe 12, maana pale ndipo nilipoiona mara ya mwisho. Siku mbili baadaye nikaenda kwa wakili, nikamsimulia kwa mdomo, karani wake akachukua kiapo cha mteja mwingine kwenye kompyuta akabadilisha majina. Kikatoka kinasema Ubungo, tarehe 14. Nikasaini bila kusoma. Dirishani afisa akaziweka karatasi mbili sambamba, akagonga kalamu kwenye tarehe moja, kisha kwenye nyingine, akanirudishia zote. Hakusema neno. Kiapo kipya, hela nyingine, na nafasi ya foleni imeenda.

Kwa hiyo nenda na losi ripoti mkononi, kiapo kinakiliwe kutoka humo. Kiwe na jina lako kama lilivyo NIDA, namba ya pasipoti (za kielektroniki huanza na TAE), siku na mahali ilipopotea, namba ya losi ripoti, kwamba haishikiliwi na mamlaka yoyote wala hujaiweka rehani kwa mtu, na kwamba ukiipata utairudisha Uhamiaji. Kisha shuka chini kabisa, pale Kamishna wa Viapo anaposaini. Sheria inamtaka aandike mahali na tarehe ulipoapa. Karani akiacha nukta nukta tupu, hicho si kiapo, ni karatasi yenye muhuri. Saini mbele yake, usiachie saini ukaondoka.

4. Fomu ya maombi: eservices.immigration.go.tz. Chagua kwamba pasipoti imepotea, usijaze kama mwombaji mpya. Ukificha, alama za vidole zitakuumbua.

5. Malipo. Mfumo unatoa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Pasipoti ya kawaida ni 150,000: 20,000 ya fomu kwanza, 130,000 ukiwasilisha. Ya kupotea usiipigie hesabu hiyo. Lipa kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi yako ya malipo. Anayekutumia namba yake binafsi "akusaidie", mkimbie.

6. Peleka fomu, risiti, losi ripoti, kiapo, NIDA, vyeti vya kuzaliwa na picha. Utapigwa picha na vidole.

MASWALI

Kibonge_Temeke: Mkuu, kiapo lazima?
— Namba 3.

Kibonge_Temeke: Nimeona, ila jamaa yangu alipita bila.
— Basi muulize jamaa yako.

Mama Swaumu: Kaka, shikamoo. Sikumbuki namba ya pasipoti na sina kopi. Kiapo nitaandikaje?
— Marahaba dada. Usibuni namba. Kama uliwahi kuomba viza, fungua barua pepe za wakati ule, fomu nyingi huwa na namba. Kampuni ya ndege au wakala aliyekukatia tiketi naye anaweza kuwa nayo. Ukikosa kote, kiapo kiseme wazi kwamba hukumbuki, Uhamiaji wataitafuta kwa jina na vidole.

Mtu wa Tanga: Nimeripoti jana, leo nimeikuta kwenye koti. Nasafiri nayo tu?
— Usithubutu. Iliyoripotiwa inaweza kuwa tayari kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizopotea, ambayo nchi nyingi huiangalia mpakani. Utashushwa Nairobi au Dubai unajieleza peke yako. Irudishe.

Mtu wa Tanga: Na viza iliyokuwa ndani yake?
— Swali zuri. Viza haihamii yenyewe kwenye pasipoti mpya. Waandikie ubalozi husika mapema, uwape kopi ya losi ripoti. Ndiyo maana chapisha tatu.

Dereva_Namanga: Mimi nina msiba Kenya kesho kutwa, nitasubiri kitabu?
— Pole sana ndugu yangu. Omba hati ya dharura ya safari, inatosha kwa majirani hawa. Nenda na losi ripoti na NIDA. Kitabu utarudi kukishughulikia.

Kibonge_Temeke: Wakuu, picha bakgraundi ya rangi gani?
— Bluu. Hilo nalo ungemuuliza jamaa yako.