Kliniki, begi, pesa na gari: nilivyompangia mdogo wangu mwezi kwa mwezi

Mi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mvomero, Morogoro, na huu mpangilio wa ujauzito mpaka kujifungua niliuandika kwa ajili ya mdogo wangu alivyonipigia Septemba 2024 akaniambia dada sijaona siku zangu tangu Julai. Kwake zahanati ipo, ila kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kiko kama kilomita 30 na katikati kuna mto. Nimeuacha na tarehe zake vilevile, wewe utabadilisha ziwe zako.

Hatua ya 1: Pata tarehe ya kujifungua, halafu hesabu kurudi nyuma

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudisha miezi 3. Yeye hedhi ya mwisho ilianza Julai 10, kwa hiyo 10 na 7 ni 17, Julai kurudi miezi mitatu ni Aprili, matarajio ni Aprili 17, 2025. Kama mzunguko wako unarukaruka au hukumbuki siku, hesabu hii itakudanganya, omba ultrasaundi mapema kabla ya wiki 24, manake ukichelewa hata yenyewe inapotea kwa wiki kadhaa.

Mahudhurio ni nane siku hizi, sio manne kama enzi za mama zetu. La kwanza kabla ya wiki 12, halafu wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kwake ikawa: kabla ya Oktoba 2, halafu Novemba 27, Januari 8, Februari 5, Machi 5, Machi 19, Aprili 2, Aprili 16. Nesi akikupa tarehe tofauti fuata ya nesi. Andika kwenye kalenda ya ukutani, ile kubwa ya karatasi, usiweke kwenye simu tu. Simu inaisha chaji na mume haioni, kalenda ya ukutani hata mama mkwe anaisoma.

Halafu tazama ile tarehe ya mwisho imeangukia wapi. Hii watu hawafanyi kabisa. Aprili 17 ilikuwa Alhamisi Kuu, Pasaka ni tarehe 20, na Aprili nzima huku ni masika. Yaani mto umejaa, na madereva nusu wamesafiri kwenda kwao. Tuliyajua hayo toka Septemba, na mipango yote iliyobaki ilitokana na hapo.

Hatua ya 2: Hudhurio la kwanza

Nenda na mwenza kama yupo, mtapimwa wote. Hapo unapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, presha, uzito, unapewa kadi, chandarua na vidonge vya kuongeza damu. Kama mwenza hayupo nenda hivyohivyo. Kuna sehemu watakuomba barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na wapo wanaorudi nyumbani wakakaa miezi miwili kwa sababu ya hiyo barua. Usirudi. Waeleze kwa upole kwamba huna mwenza na unaomba huduma, wakikataa muone mganga mfawidhi wa kituo, huduma haitakiwi kuzuiliwa kwa sababu hiyo.

Ukitoka hapo hakikisha kadi imeandikwa kundi la damu na wingi wa damu. Mdogo wangu alikuwa na 9.8, na chini ya 11 ni upungufu. Vidonge vyake alikuwa anavishushia na chai ya rangi, chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, nikamwambia anywe usiku na maji au juisi ya machungwa, chai ikae mbali. Januari akawa 11.2.

Hatua ya 3: Mwezi wa 4 mpaka wa 6

Hapa ni kuhudhuria tu. SP ya kuzuia malaria inaanza baada ya wiki 13, vidonge vitatu kwa mpigo unameza mbele ya nesi, halafu kila baada ya mwezi, angalau mara tatu mpaka ujifungue. Kama unatumia septrini sema, hizo mbili haziendi pamoja. Sindano ya pepopunda na dawa ya minyoo humohumo.

Hatua ya 4: Pesa

Kujifungua kwenye kituo cha serikali kisera ni bure, lakini vifaa vinaisha, na mtu wa kukusindikiza lazima ale. Hesabu yetu ilikuwa gari kwenda 50,000, kurudi 50,000, vifaa 50,000, chakula 30,000, akiba ya rufaa 60,000. Jumla 240,000, tukagawa kwa miezi sita, Oktoba mpaka Machi, 40,000 kila mwezi. Shemeji anauza mpunga, kwa hiyo miezi mingine aliweka 70,000 na mingine 10,000, sawa tu, ilimradi Machi mwisho ifike.

Mi siungi mkono pesa yote kukaa kwenye simu. Saa nane usiku wakala kafunga, mvua ikinyesha mtandao unakata, na dereva anataka mafuta sasa hivi. Iweke kwenye simu mpaka mwezi wa 8 ili isiliwe, halafu toa 60,000 za noti ndogondogo, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, iingie kwenye begi na isiguswe hata kama sukari imeisha.

Hatua ya 5: Begi, wiki ya 30 hadi 34

Nunua kidogokidogo, uliza kwanza kituo chako manake orodha zinatofautiana. Yetu: mpira wa kutandika mita 2, glavu, nyembe mpya, vibana kitovu, pamba, pedi kubwa, khanga tano zilizofuliwa zikaanikwa juani, sabuni, beseni, nguo za mtoto, kofia, soksi, shali, chupa ya chai, tochi. Kadi ya kliniki ikae mfuko wa nje. Begi liwe la zipu la kubeba mgongoni, sio beseni la kufunga na khanga, kwenye bodaboda beseni halikai.

Hatua ya 6: Usafiri, anza mwezi wa 7

Hapa nitakaa sana. Mwaka 2019 mimi mwenyewe uchungu ulinianza saa saba usiku. Begi lilikuwepo, pesa ilikuwepo. Namba ya dereva ilikuwepo pia, moja. Tukapiga haipatikani. Mume wangu akakimbia kumgongea, akamkuta yupo ila pikipiki haina mafuta na kibanda cha mafuta kimefungwa. Tukapata nyingine, tukafika kwenye mto maji yamepita juu ya daraja, tukarudi tukazunguka njia ya juu. Nilifika kituoni saa kumi na nusu alfajiri, masaa matatu na nusu kwa safari ya dakika arobaini, na mtoto alitoka dakika ishirini baadaye. Toka siku hiyo kila mama ninayemtembelea naanza na gari, begi baadaye.

Kwanza, madereva watatu, sio mmoja, na angalau mmoja awe na gari la matairi manne, kwa sababu mwenye uchungu mkali au anayetokwa damu hakai kwenye bodaboda. Watatu hao wasiwe wa kijiwe kimoja, manake kukiwa na msiba wa mmoja wao kijiwe kizima kinaenda kuzika.

Pili, ongea nao uso kwa uso, wote wawili mke na mume, na mkubaliane bei ya usiku na bei ya mvua. Bei ya mchana haina maana hapa. Sisi tulipata 50,000 usiku, akataka 70,000 kama itabidi kuzunguka njia ya juu, tukakubali, ndo maana ile akiba ya rufaa ipo. Waulize simu wanalala nayo wapi na kama wanaizima. Mmoja alituambia ukweli kwamba anazima saa nne, basi tukachukua na namba ya mkewe.

Tatu, mafuta. Kuanzia wiki ya 36 nunua lita tano ufunge kwenye dumu, likae nje, mbali na jiko na taa, watoto wasilifikie. Sio ndani ya chumba cha kulala, tafadhali sana.

Nne, jaribuni njia. Siku ya hudhurio la wiki ya 34 mdogo wangu na mumewe walienda mpaka kituo cha afya na mmoja wa madereva hao, wakapima muda, na wakamuuliza mzee mmoja pale mtoni maji yanapanda saa ngapi baada ya mvua ya milimani. Akawaambia mvua ikipiga juu jioni, usiku wa manane hapapitiki. Nyumbani kwao hata tone halijadondoka na mto umeshajaa. Kwa kujua hilo tukaamua asisubirie kwake, Aprili 5 ahamie kwa shangazi anayeishi karibu na kituo. Kama huna ndugu, ulizia nyumba ya kusubiria kujifungua, wengine wanaiita chigonela, baadhi ya hospitali na vituo vinayo, uende na chakula chako.

Tano, 115. Ni namba ya bure ya m-mama, kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, wanatuma ambulensi au dereva jamii na malipo hayakuhusu. Ni kwa ajili ya dharura, kwa hiyo uchungu wa kawaida bado unahitaji gari lako. Ila ukitokwa damu, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, ukivimba uso, ukipata degedege, homa kali, chupa ikipasuka, au mtoto akiacha kucheza, piga na huku unajiandaa, usisubiri asubuhi wala tarehe ya kliniki. Andika namba zote kwa kalamu, zibandike nyuma ya mlango. Na andika chini yake majina ya watu wawili walio tayari kutoa damu.

Hatua ya 7: Wiki za mwisho

Nguo za kuondokea ziwe tayari, simu chaji, nani anabaki na watoto wengine imeshajulikana. Mdogo wangu uchungu ulimwanza Aprili 12 usiku akiwa kwa shangazi, wakatembea kwa miguu mpaka kituoni dakika kumi, na usiku huohuo mto ulikuwa umefunga kama yule mzee alivyosema. Ile 50,000 ya kwenda haikutumika, wakairudia nyumbani siku maji yalipopungua.

Kama Aprili 17 ingepita kimya, ningempeleka kituoni wiki ya 41, yaani Aprili 23, hata kama anajisikia mzima kabisa na mtoto anacheza.