Uweke shilingi ngapi kila mwezi ili ufikishe milioni 6?

Katika kazi yangu ya uhasibu kwenye chama cha akiba na mikopo, swali hili naulizwa kuliko mengine yote: mtu ana lengo na ana tarehe, anataka kujua akate kiasi gani kila mwezi. Wengi hugawanya lengo kwa idadi ya miezi. Jibu hilo si baya, ila halihesabu riba, kwa hiyo linamwambia mtu aweke zaidi ya anachohitaji. Hesabu kamili inaitwa thamani ya baadaye ya mafungu sawa, na kikokotoo cha simu kinatosha kuifanya.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Morogoro anayetaka mashine ya kudarizi. Leo inauzwa shilingi 5,300,000, naye anataka kuinunua baada ya miaka 3.

Hatua ya 1: Weka lengo kwa bei ya siku ya kununua

Bei ya leo si lengo. Tukikadiria kwamba bei itapanda asilimia 4 kwa mwaka, tunazidisha 5,300,000 kwa 1.04 mara tatu, tunapata karibu 5,962,000. Tuifanye 6,000,000.

Hatua ya 2: Tafuta riba ya kweli ya mwezi

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usipite haraka.

Tuseme akaunti ya malengo ya fundi wetu inatoa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, inayoingizwa kila mwezi. Tanzania, riba ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10. Kodi hiyo inakata riba, haigusi akiba yenyewe. Basi asilimia 9 inabaki 8.1, nayo ukiigawanya kwa 12 unapata asilimia 0.675 kwa mwezi, yaani 0.00675.

Kabla ya kuandika namba hiyo, uliza benki mambo mawili. Kwanza, riba hiyo ni ya akaunti gani? Riba nzuri inayobandikwa ukutani mara nyingi ni ya amana ya muda maalumu, ambako unaweka fedha mara moja na kuziacha. Akaunti inayopokea mafungu ya kila mwezi huwa na riba ndogo zaidi, na ndiyo utakayoitumia kwenye hesabu. Pili, riba inaingizwa lini? Ikiingizwa mara moja kwa mwaka badala ya kila mwezi, kwa asilimia ileile riba utakayopata itapungua kidogo, na fungu la mwezi litahitaji kuwa kubwa kidogo kuliko jibu la hapa chini.

Hatua ya 3: Elewa kanuni inafanya nini

Chukua mfano mdogo kwanza: unaweka 100,000 kila mwisho wa mwezi kwa miezi 3, riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Fungu la kwanza linakaa miezi miwili na kuwa 102,010. La pili linakaa mwezi mmoja, linakuwa 101,000. La tatu limeingia siku ya mwisho, halijapata kitu. Jumla ni 303,010. Kwa maneno mengine, kila shilingi 1 ya mwezi imezaa shilingi 3.0301.

Namba hiyo 3.0301 ndiyo kizidishi. Ukijua kizidishi cha miezi yako yote, unagawanya lengo kwa hicho, basi. Kanuni inakupa jibu bila kuhesabu mafungu moja moja:

```
A = L × r / ((1 + r)^n − 1)
```

A ni fungu la mwezi, L ni lengo, r ni riba ya mwezi, n ni idadi ya miezi.

Hatua ya 4: Kokotoa

Kwa fundi wetu, n ni 36. Geuza simu ilale ili kikokotoo kionyeshe kitufe cha kipeo, kisha:

1.00675 kwa kipeo cha 36 ni 1.274028. Toa 1, inabaki 0.274028.

6,000,000 mara 0.00675 ni 40,500.

40,500 gawanya kwa 0.274028 ni 147,795.

Awe anaweka 148,000 kila mwisho wa mwezi. Bila riba ingekuwa 166,667. Usikadirie desimali katikati ya njia: ukiandika 0.27 badala ya 0.274028, jibu linaruka hadi 150,000. Kadiria mwishoni tu, na siku zote kwenda juu.

Kwenye Excel ni mstari mmoja:

```
=PMT(8.1%/12, 36, 0, 6000000)
```

Jibu litatoka na alama ya kutoa, maana ni fedha inayotoka mfukoni mwako. Kama unaweka mwanzo wa mwezi, ongeza `, 1` kabla ya kufunga mabano. Fungu litapungua kidogo kwa kuwa kila fungu linapata riba ya mwezi mmoja zaidi.

Hatua ya 5: Pima jibu kabla ya kuliamini

Zidisha fungu kwa miezi. 148,000 mara 36 ni 5,328,000, na pengo la kufika milioni 6 linajazwa na riba. Hilo linaingia akilini. Sasa mtu akisahau kugawanya riba kwa 12 na kuandika asilimia 9 kana kwamba ni ya mwezi, atapata fungu la 25,410, ambalo kwa miezi 36 ni shilingi 914,760 tu. Hakuna akaunti ya akiba inayogeuza laki tisa kuwa milioni sita kwa miaka 3. Ukiona fungu dogo hivyo, rudi hatua ya 2.

Kama tayari una akiba

Tuseme fundi ana 1,000,000 ndani ya akaunti. Kwa miezi 36 itakua hadi 1,274,028. Toa hiyo kwenye lengo, inabaki 4,725,972 ya kutafutwa kwa mafungu, na fungu linashuka hadi 116,413. Kwenye Excel:

```
=PMT(8.1%/12, 36, -1000000, 6000000)
```

Alama ya kutoa mbele ya milioni moja ni ya lazima. Ukiisahau, Excel inaichukulia kama mkopo na kukupa fungu la 179,178, kubwa kuliko la asiye na kitu.

Njia hiyohiyo ndiyo ya kutumia mambo yakienda kombo. Baada ya mwaka, fundi aliyeweka 148,000 bila kuruka anapaswa kuona karibu 1,843,000 kwenye taarifa ya akaunti. Akiruka miezi miwili, ataona kama 1,535,000. Asijaribu kulipa deni la miezi iliyopita kwa kubahatisha. Achukue salio hilo kama akiba ya kuanzia na miezi 24 iliyobaki:

```
=PMT(8.1%/12, 24, -1535000, 6000000)
```

Fungu jipya ni 161,644. Kama halimudu, abadilishe 24 iwe 26 au 27 hadi fungu liingie kwenye uwezo wake, na hapohapo atajua mashine itasogea mbele kwa miezi mingapi. Riba ikibadilishwa na benki afanye vivyo hivyo: salio la siku hiyo, miezi iliyobaki, riba mpya baada ya kodi.