Somo: Mlio, mistari, selfi na kutulia kwa video kabla ya shughuli ya familia

Kila msimu wa harusi ukikaribia naulizwa maswali yaleyale manne, mara kwa simu, mara kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano. Nayaandika yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili. Ni kwa yule aliyeambiwa na familia "wewe una simu nzuri, utatupigia picha", na hajawahi kufungua mipangilio ya kamera yake.

Majina ya kwenye kioo nimeyaacha kwa Kiingereza kwa sababu wengi ndivyo yanavyosomeka kwenye simu zao. Kwenye Samsung fungua kamera kisha gusa alama ya gia. Kwenye iPhone usitafute ndani ya kamera, nenda Settings, halafu Camera. Tecno, Infinix na nyingine majina hutofautiana kidogo, lakini gia ni ileile.

Hatua ya 1: Zima mlio. Samsung zima Shutter sound, iPhone weka simu kimya. Fanya hivi ukiwa nyumbani, si pale shehe anapoanza khutba ya nikahi.

Hatua ya 2: Washa mistari. Samsung ni Grid lines, iPhone ni Grid. Ukipiga kundi la watu waliosimama, macho yao yakae karibu na mstari wa juu na ukingo wa jukwaa ulale sambamba na mstari wa chini. Hapo hutakata miguu ya watu wala kuacha nusu ya picha ikiwa dari.

Hatua ya 3: Amua selfi ikae upande gani. Kamera ya mbele inakuonyesha kama kioo: ukiinua mkono wa kulia, unauona upande wa kulia wa simu. Swali ni simu inahifadhi nini baada ya kubonyeza. Samsung ikiwa na Save selfies as previewed imewashwa, inahifadhi kama kioo. iPhone ni Mirror Front Camera, nayo ikiwashwa matokeo ni yaleyale.

Kwa picha za shughuli, zima. Ukiiacha imewashwa, mashangazi wamevaa kanga za sare, na jina la kanga linasomeka kinyume. Keki imeandikwa majina ya maharusi, nayo kinyume. Bwana harusi mfuko wa koti uko kifuani kushoto, kwenye selfi unahamia kulia. Pete nayo inahama mkono, na hilo ndilo watu hulalamikia zaidi albamu ikishachapishwa.

Usihukumu kwa kuangalia kioo cha simu wakati unapiga, kwa sababu hapo utaona sura ya kioo hata kama umezima. Shika pakiti ya unga au gazeti, piga selfi moja, kisha ifungue kwenye picha zilizohifadhiwa. Maandishi yakisomeka, umemaliza. Sura yako ikionekana kama imepinda kidogo, haijapinda. Umezoea kujiona kwenye kioo, wenzako siku zote wanakuona hivyo.

Hatua ya 4: Kutuliza video. Hapa soma polepole, maana hapa ndipo wengi tumeharibu kitu kisichorudiwa.

Kwanza ujue simu inafanya nini. Inarekodi eneo kubwa kuliko unaloliona, ina kihisi kinachojua mkono umetikisika upande gani, kisha inakata kingo na kuisogeza kila fremu, yaani kila picha moja ndani ya video, upande wa pili. Ndiyo maana ukiwasha kutuliza, picha inaonekana imesogea karibu. Simu nyingine zina pia lenzi inayocheza yenyewe ndani kufidia mtikisiko, na hiyo haina hasara hii.

Kuna kutuliza kwa kawaida na kutuliza kwa nguvu. Cha kawaida kwenye Samsung ni Video stabilization, kiwashe na kiache. iPhone inatuliza yenyewe. Cha nguvu ni Super steady kwenye Samsung, yenye alama ya mkono, na Action mode kwenye iPhone 14 na nyingi zilizofuata, yenye alama ya mtu anayekimbia. Hiki kimetengenezwa kwa mchana na mwanga mwingi. Watoto wanakimbizana uwanjani, unawafuata, kinafanya kazi nzuri sana.

Sasa chukua sendofu ya usiku. Taa zimepunguzwa, mshereheshaji anaita, bibi harusi anaingia na wapambe wake wanacheza taratibu kuelekea jukwaani. Mpigaji anarudi kinyumenyume mbele yao, Super steady imewashwa, anaamini jina. Nyumbani anakuta video ina chenga, nyuso zina ukungu, na kila anapopiga hatua picha nzima inapigapiga kama inapumua.

Sababu ni giza. Mwanga ukiwa mdogo, kila fremu inahitaji muda mrefu kukusanya mwanga, kwenye fremu 30 kwa sekunde inaweza kufika hadi sehemu ya 30 ya sekunde. Mkono ukitikisika ndani ya muda huo, mtikisiko unapakwa ndani ya fremu yenyewe. Simu inaweza kuisogeza fremu, haiwezi kuufuta ukungu uliomo. Isitoshe, Super steady kwenye simu nyingi hutumia lenzi ya upana, ambayo ni dhaifu gizani kuliko lenzi kuu.

Utajuaje tatizo lako ni lipi? Simamisha video mahali penye taa ya mapambo. Taa ikiwa na mkia, tatizo ni giza na kutuliza kwa nguvu hakutakusaidia. Taa ikiwa nukta safi lakini video ikichezwa inarukaruka, kutuliza kulikuwa kumezimwa.

Kwa mlango wa ukumbi wa usiku, fanya hivi. Tumia lenzi kuu, yaani 1x, na usivute kwa vidole. Weka FHD 30, yaani 1080p ya fremu 30 kwa sekunde, kwa sababu simu nyingi za bei ya kati hazitulizi kabisa ukienda 4K au fremu 60. Kutuliza kwa kawaida kuache kukiwa kumewashwa. Kisha usitembee. Egemea nguzo au kona ya meza, viwiko vigande mbavuni, waache maharusi wakujie wewe. Wakikufikia, geuka kwa kiuno, si kwa mikono.

Onyo: ukiweka simu kwenye stendi, zima kutuliza. Ukiigeuza polepole kufuata watu, simu itadhani huo ni mtikisiko, itaishikilia picha, halafu itaiachia iruke.

Onyo jingine: jaribu siku moja kabla, sebuleni, taa moja ikiwaka. Kioo cha simu ni kidogo na kinaficha ukungu, kwa hiyo iangalie video kwenye televisheni au kompyuta.

MASWALI

Mama Wawili: Ahsante kwa somo. Samsung yangu ni ya mtumba, nimetafuta Shutter sound sijaiona kabisa. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, dada. Nenda Settings, About phone, soma namba ya modeli. Ikiishia na herufi N, simu ilitengenezwa kwa soko la Korea Kusini. Kule tangu 2004 kuna kanuni kwamba kamera ya simu lazima ilie, kuzuia watu kupigwa picha kwa siri, ndiyo maana kitufe hakipo. iPhone nyingi zilizouzwa Japani nazo huweza kulia hata zikiwa kimya. Usizibe spika kwa kidole. Wakati wa nikahi rekodi video: anza kabla shughuli haijaanza na uizime ikishaisha, ikilia italia unapoanza na unapozima tu. Baadaye isimamishe unapopapenda, utoe picha. Fremu ya FHD ni kama megapikseli 2, inatosha kwa simu na kwa kuchapisha ndogo. Ya 4K ni kama megapikseli 8, hiyo unaweka hata ukutani.

Mtoto wa Mjini: mistari si itaonekana kwenye picha?

Jibu: Haionekani. Ipo kwenye kioo tu.

Mzee Kijana: Video zangu zinatoka vibaya, nisaidie.

Jibu: Simu gani, mchana au usiku, umesimama au unatembea, na ile taa ina mkia au haina? Bila hayo siwezi kukusaidia.

Mzee Kijana: Ni Tecno. Usiku. Natembea.

Jibu: Simama. Hatua ya 4, aya ya nguzo.

Fundi Tanga: Yote hii ya nini? Nunua kile kishikio cha mota kinachotuliza simu, kazi imekwisha.

Jibu: Kishikio ni kizuri, sikukataa. Ila hapa anasoma mtu mwenye simu tu na sherehe Jumamosi. Na kishikio hakiongezi mwanga: bibi harusi akigeuka haraka gizani atatoka na ukungu hata simu ingekuwa imejengewa kwenye saruji.

Binti wa Pwani: Shikamoo. Nimejaribu jana ukumbini, picha imetulia, lakini kuna mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye video. Kwa macho sikuiona. Inatoka wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Fremu 30 hazigawanyi 100 sawasawa, kwa hiyo kila fremu inaikuta taa katika hali tofauti kidogo. Fremu 25 zinagawanya. Kwenye iPhone nenda Settings, Camera, Record Video, washa Show PAL Formats, kisha chagua 1080p ya 25. Kwenye Samsung yenye Pro video, weka spidi ya shata 1/50 au 1/100. Zile taa za rangi za didjei huwa na mapigo yake zenyewe, hizo zinaweza kukugomea hata baada ya hapo. Badili mahali pa kusimama zisikutazame moja kwa moja.

Binti wa Pwani: Imekubali! Mistari imekwisha kwenye taa za dari. Na selfi za zamani ambazo kanga imegeuka, ndiyo zimeharibika?

Jibu: Hapana. Fungua picha, gusa kuhariri, nenda kwenye kukata, utaona alama ya pembetatu mbili zilizopeana mgongo. Iguse, jina la kanga litasomeka. Ubora haupungui kwa jicho.

Mama Wawili: Na simu ikiita katikati ya kurekodi?

Jibu: Weka hali ya ndege kabla hujaanza. Mlio huingia kwenye video, na simu nyingine husimamisha kurekodi kabisa.

Mjomba wa Harusi: Nafasi je? Nina GB 6 tu zimebaki.

Jibu: iPhone yenyewe inaandika makadirio palepale unapochagua ubora: 1080p ya fremu 30 ni kama MB 60 kwa dakika ukiwa kwenye High Efficiency, na 4K ya fremu 30 ni kama MB 170. GB 6 zako ni karibu dakika 100 za kwanza au 35 za pili. Chagua 1080p. Na ukimaliza usiwatumie ndugu kama video ya kawaida ya WhatsApp, itabanwa na kurudi ukungu uliohangaika kuukwepa. Tuma kama Document.