Kanuni za hifadhi kwa Kichina: namna ya kuandika marufuku na faini zisibaki na utata

Mwongozo huu ni wa wafasiri na waongoza watalii wanaokabidhiwa karatasi ya kanuni za hifadhi na kuambiwa waitie Kichina kabla kundi halijafika getini. Nitatumia kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho, ile ya kutoshuka garini, maana ndiyo inayozua ubishi mwingi porini. Ukiielewa hiyo, za kulisha nyani, kurusha droni na kutoka nje ya barabara utazifanya kwa njia ileile.

Hatua ya 1: Nyoosha Kiswahili kwanza

Tuseme umepewa maneno haya:

"Wageni wanaombwa kutoshuka kwenye magari isipokuwa katika maeneo yaliyoruhusiwa. Atakayekiuka atatozwa faini isiyozidi dola 100."

(Kiasi hicho ni cha mfano tu. Cha kweli kichukue kwenye orodha ya faini ya hifadhi husika, na uangalie kama ndiyo inayotumika mwaka huu.)

Usianze kutafsiri. Uliza kwanza: maeneo yaliyoruhusiwa ni yapi? Faini ni ya kila mtu au ya gari zima? Dola 100 ndiyo faini yenyewe, au ni kikomo chake? Anayelipa ni mgeni au kampuni iliyomleta? Majibu yatoke kwa wenye kanuni, na ikiwezekana kwa maandishi. Mfasiri hapaswi kuziba pengo kwa kubahatisha, kwa sababu mgeni atakapobishana na askari, karatasi yako ndiyo itakayotolewa mfukoni.

Hatua ya 2: Pima uzito wa neno

Kiswahili chetu kina adabu. "Wageni wanaombwa" kila mmoja wetu anaelewa kuwa ni amri iliyovishwa kanzu. Ukiitafsiri neno kwa neno utapata 请勿, yaani "tafadhali usi-", na msomaji wa Kichina ataiweka kundi moja na kibao cha "tafadhali usikanyage majani". Ni ombi. Anayelipuuza amekosa ustaarabu, lakini hategemei kutozwa pesa.

Mimi nina ngazi tatu na sizichanganyi:

请勿 ni kwa mambo yasiyo na adhabu, kama kuongea kwa sauti karibu na wanyama.

禁止 ni kwa kila kosa lenye faini. Ndilo neno la mabango ya barabarani na vituo vya treni huko kwao, kwa hiyo halihitaji maelezo.

严禁, "marufuku kabisa", ni kwa jambo linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Ukilibandika kila mstari linapoteza makali.

Mfano wa ngazi ya tatu ni nyara za serikali. Mgeni anaweza kudhani tunazungumzia pembe za ndovu peke yake, ambazo biashara yake China yenyewe iliipiga marufuku mwisho wa 2017. Hatafikiria unyoya aliouokota chini ya mti. Kwa hiyo orodhesha vitu vyenyewe:

严禁采集、购买或携带象牙、犀牛角、骨头、牙齿、皮毛、羽毛、蛋等任何野生动物制品。

Yaani kuokota, kununua au kubeba pembe za ndovu, pembe za faru, mifupa, meno, ngozi, manyoya, mayai na kadhalika.

Hatua ya 3: Taja tendo, kisha ruhusa

Marufuku itangulie, ruhusa ifuate kwenye mabano. Wasomaji wa Kichina wameuzoea mtindo huo kwenye mabango yao:

禁止下车(指定野餐点除外)。

"Ni marufuku kushuka garini (isipokuwa kwenye sehemu za pikiniki zilizotengwa)." Ila mstari huo bado una mwanya. Mgeni atakuambia gari lilikuwa limesimama, na alishuka kupiga picha tu. Ziba mwanya huo waziwazi:

停车观看动物或拍照时,也不得下车。

"Hata gari likisimama ili kutazama wanyama au kupiga picha, hairuhusiwi kushuka." Kama hifadhi inakataza pia kukaa juu ya paa au kutoa mwili dirishani, hayo ni matendo mengine, kila moja na sentensi yake. Usiyakusanye kwenye neno moja la jumla kama "utovu wa nidhamu".

Hatua ya 4: Faini

Hapa ndipo penye mitego, tena mingi imejificha kwenye herufi mojamoja.

Kwanza, sarafu. Ukiandika 100元, atasoma yuan, pesa ya kwao, na yuan 100 ni ndogo sana kuliko dola 100. Andika 美元 kwa dola za Marekani. Kama ni shilingi, taja ya nchi gani: 坦桑尼亚先令 au 肯尼亚先令.

Pili, kikomo. "Isiyozidi" wengi huiandika 以下. Kwa Sheria ya Kiraia ya China, neno hilo linahusisha na namba yenyewe, lakini msomaji wa haraka ataona "chini ya 100". Tumia 最高, "kiwango cha juu kabisa". Na kama hifadhi imekujibu kwamba ni dola 100 kamili, hakuna haja ya neno lolote la kikomo.

Tatu, aina ya adhabu. Faini ya kukiuka kanuni ni 罚款. Faini inayotolewa na mahakama katika kesi ya jinai ni 罚金. Usiweke moja mahali pa nyingine. Kwa nyara ongeza pia 依法追究刑事责任, kwamba mtu atashtakiwa kwa jinai.

Sasa tuunge. Hifadhi imesema ni dola 100 kamili, kwa kila mtu, kila anaporudia, na analipa mkosaji mwenyewe:

禁止下车(指定野餐点除外)。
停车观看动物或拍照时,也不得下车。
违者每人每次罚款100美元,由本人支付。

每人 ni kila mtu, 每次 ni kila mara. Maneno ya mwisho, "alipe mwenyewe", usiyaache, kwa sababu watu waliolipia safari nzima kwa mkupuo hudhani kila gharama ya njiani ni ya kampuni.

Hatua ya 5: Saa

Kanuni ikisema geti linafungwa saa 12:30 jioni, kwa Kichina ni 18:30, si 12:30. Mtu akiihamisha namba kama ilivyo, kundi litaambiwa geti linafungwa mchana. Tumia saa 24 kote. Na kilomita ni 公里, kwa sababu 里 peke yake ni kipimo chao cha nusu kilomita.

Hatua ya 6: Jaribu kwa msomaji

Mpe Mchina ambaye hajaona maandishi ya Kiswahili. Usimuulize kama tafsiri ni nzuri, maana atakuambia nzuri. Muulize hivi: "Dereva amezima injini na simba yuko mbali, naweza kushuka dakika moja?" "Tukishuka watatu, jumla ni kiasi gani?" "Hela inatoka kwa nani?" Majibu yawe hapana, dola 300, na kila mmoja mwenyewe. Akisema dola 100, basi 每人 haikuonekana. Rudi kwenye sentensi na uipange upya. Usiikoleze rangi nyekundu ukadhani umetibu.

Hatua ya 7: Kabla ya kuchapa

Wageni wa China bara wasomee maandishi yaliyorahisishwa. Wa Taiwan na Hong Kong wanasoma ya zamani, na faini kwao inaandikwa 罰款, kwa hiyo kundi lao liandalie karatasi yake. Mpelekee mchapaji PDF iliyobeba fonti ndani yake (Noto Sans SC inatosha), la sivyo kompyuta yake itatoa vijisanduku vitupu. Hakikisha 禁止 haikatiki katikati mwishoni mwa mstari. Mwisho, mtumie kiongozi wa kundi maneno yaleyale kwenye WeChat kama maandishi, si picha pekee, ili ayasome kwa sauti garini kabla ya geti.