Kabla ya Kuwasomea Marafiki Karata za Taroti Nyumbani kwa Mwenyeji

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mahali utakapoketi, kwa sababu katika fungu la karata 78 zipo picha ambazo hazihitaji msomaji ili zieleweke, au zieleweke vibaya. Karata ya Panga Tatu, katika fungu lililochapishwa London mwaka 1909 na kuigwa na mengi yaliyofuata, ina moyo uliochomwa na panga tatu huku mvua ikinyesha, na mtu yeyote anayepita na sahani ya pilau ataitafsiri kabla hujafungua kinywa.

Nililiona hilo South B, mtaa mmoja wa Nairobi, kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa, nilipokubali kusomea katikati ya sebule. Rafiki mmoja aliuliza kuhusu mkataba wake wa kazi, ikatoka karata hiyo, nami nilikuwa nikijiandaa kumwambia kuwa huenda habari za ofisini zikamuumiza. Mgeni aliyesimama nyuma yake akauliza kwa sauti kama mume amehama. Mume alikuwa ameketi hapo hapo, na kimya kilichofuata kilifichua zaidi ya karata. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo humwomba mwenyeji chumba au roshani yenye mlango, meza ndogo na viti viwili tu, na mwulizaji huketi akiupa ukuta mgongo. Karata tatu zinatosha. Nazipanga kifudifudi, nafunua moja moja, kisha nazirudisha zote funguni na kulichanga upya kabla ya kumwita mwingine, maana karata zikiachwa mezani, anayefuata ataanza kwa kuuliza zilikuwa za nani. Ikitokea karata ile ile kumwangukia mtu wa pili, usitaje kwamba imeshatoka. Simu zibaki sebuleni, kwani picha moja ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, faragha yote imekwisha.

Swali nalo lisikilizwe faraghani kabla ya kuchanga karata. Mtu akiuliza kama fulani, aliye sebuleni, ni mwaminifu, mwombe aligeuze liwe lake mwenyewe: ni jambo gani ninalopaswa kulitazama katika uhusiano huu? Maswali ya mimba, ugonjwa na deni la mtu mwingine mimi huyakataa kabisa, tena kwa upole, kwa kuwa karata haziwezi kuthibitisha lolote kati ya hayo, ilhali uvumi utakaotoka chumbani utachukuliwa kuwa ushahidi.

Muda ni jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau. Ukimpa kila mtu dakika 10 na mmoja akakaa 25, sebule nzima itajua kwamba ana jambo zito. Kwa hiyo dakika zikiisha, mweleze kwamba mtaendelea siku nyingine, mkiwa wawili, na umpe nafasi ya kujifuta machozi kabla hujafungua mlango.