Somo: Namna ya kusoma masharti ya malipo kwenye ankara ya nje kabla hujatuma dola

Hakuna wiki inayopita bila mtu kunitumia picha ya ankara ya proforma na kuniuliza, "Hapa nalipa lini?" Nimeona niliandike jibu mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Kazi yangu ni uhasibu wa waagizaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wa Kariakoo, na mfano nitakaoutumia ni ankara ya dola 12,000 ya vipuri vya cherehani kutoka kiwanda kimoja cha Guangzhou. Anayepitishia mzigo wake Mombasa atabadilisha jina la bandari tu.

Hatua ya 1. Tafuta mstari ulioandikwa Payment Terms. Kama haupo, usitume chochote. Omba ankara nyingine yenye mstari huo.

Hatua ya 2. Usiuchanganye na FOB au CIF. Hizo zinaeleza nani anagharamia nauli ya meli na bima, na mzigo unakuwa juu ya nani kuanzia wapi. Hazisemi ulipe lini.

Hatua ya 3. Uulize mstari huo maswali matatu: ni kiasi gani, ni tukio gani linalofanya kiasi hicho kidaiwe, na ni karatasi gani itakayokuthibitishia kwamba tukio hilo limetokea. Watu wengi huangalia asilimia peke yake, wakashindania 30 au 40, ilhali hasara kubwa hutoka kwenye swali la pili na la tatu.

Hatua ya 4. Malipo ya kutanguliza. Hapa soma polepole. Linganisha mistari hii miwili:

```
T/T 30% deposit, 70% before shipment
T/T 30% deposit, 70% against copy of B/L
```

T/T ni kutuma fedha benki kwa benki. Katika mistari yote miwili unatanguliza dola 3,600 ili kiwanda kianze kazi, kisha unabakiwa na salio la dola 8,400. Katika mstari wa kwanza, salio hilo linadaiwa mzigo ukiwa bado ghalani kwa muuzaji. Ukishalilipa, muuzaji ana fedha yote na mzigo wote, nawe huna chochote mkononi isipokuwa ahadi. Katika mstari wa pili, unalipa baada ya kontena kupakiwa melini na kampuni ya meli kutoa hati ya shehena, yaani B/L. Muuzaji anakutumia nakala tu, huku hati halisi, ambayo bila hiyo hutoi mzigo bandarini, akiishikilia mpaka fedha imfikie. Kila upande unakuwa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji.

Mteja wangu mmoja aliukubali mstari wa kwanza kwa sababu asilimia zilikuwa zile zile. Alipomaliza kulipa, kiwanda kikaanza kusema nafasi melini imekosekana, kisha kikasema katoni zinafungwa upya, na mzigo aliokusudia kuuuza kabla ya shule kufunguliwa ulipakiwa msimu ukiwa umekwisha. Hakuna aliyemwibia, ila hakuwa na cha kumbana nacho muuzaji.

Mstari wa pili nao una mitego yake. Nakala unayotumiwa isiwe rasimu: hakikisha ina namba ya hati, jina la meli, na maneno Shipped on Board pamoja na tarehe. Chukua namba ya kontena, yaani herufi nne zinazoishia na U zikifuatwa na tarakimu saba, uiingize wewe mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli. Ikiwa tovuti haionyeshi kwamba kontena hilo limepakiwa kuelekea Dar es Salaam, salio lisubiri. Kumbuka pia kwamba hati ya shehena haithibitishi ubora. Ndani ya kontena panaweza kuwa na sindano butu, na hati ikawa safi kabisa. Anayetaka mzigo ukaguliwe amtume mkaguzi kabla kontena halijafungwa, na haki hiyo iandikwe kwenye ankara tangu siku ya kutanguliza.

Hatua ya 5. Malipo ya baadaye, yaani NET. NET 30 maana yake muuzaji amekukopesha, na deni lote linatakiwa liwe limelipwa ndani ya siku 30. Siku hizo huhesabiwa kuanzia tarehe ya ankara, isipokuwa imeandikwa vingine, na ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tuseme ankara yetu ni ya tarehe 4 Machi 2025, hati ya shehena ni ya tarehe 18 Machi, na mzigo umefika dukani tarehe 25 Aprili. Ikihesabiwa kutoka tarehe ya ankara, mwisho wa kulipa ni 3 Aprili, mzigo ukiwa bado safarini. Ikihesabiwa kutoka tarehe ya hati ya shehena, ni 17 Aprili. Ikihesabiwa kutoka siku ya kupokea mzigo, ni 25 Mei. Ukiona NET 30 EOM, siku zinaanza baada ya mwezi wa ankara kuisha, hivyo hapa ni 30 Aprili. Kwa mzigo wa meli unaokaa majini takriban mwezi mzima, NET 30 ya tarehe ya ankara hukulazimisha kulipa kabla hujauza hata katoni moja. Omba iandikwe hivi:

```
NET 30 days from B/L date
```

Muuzaji anayekupa NET kwa mara ya kwanza kabisa mkiwa hamjuani ni wa kuangaliwa mara mbili. Kwa kawaida mkopo wa namna hiyo huja baada ya oda kadhaa zilizolipwa vizuri.

Hatua ya 6. Kulipa unapopokea, yaani COD. Utaratibu huu unafaa pale mwenye fedha na mwenye mzigo wanapoweza kukutana. Huko Deira, Dubai, kwa mfano, muuzaji hupeleka mzigo kwenye ghala la wakala wako wa kusafirisha na kulipwa pale pale. Kwa kontena linalotoka China, mambo hayawi hivyo. Ukiona COD kwenye ankara ya mzigo wa meli, muulize muuzaji ni nani atakayepokea fedha bandarini. Mara nyingi utagundua kwamba alikusudia D/P: hati zinapelekwa benki yako, unalipa, benki inakupa hati. Huo ni utaratibu mzuri, lakini benki hukabidhi karatasi na haifungui katoni.

Hatua ya 7. Mkishakubaliana, ankara itolewe upya ikiwa na maneno yale yale. Makubaliano ya kwenye simu yasiyoingia kwenye ankara yasihesabiwe.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Tandika: Mkuu, sijasoma yote maana ni ndefu. NET 30 yangu nalipa lini?

Mwandishi: Hatua ya 5. Tarehe ya ankara yako hujaitaja, kwa hiyo hata mimi siwezi kukuhesabia.

Mama Nguo: Shikamoo mwalimu. Muuzaji wangu wa vitambaa, ambaye nimefanya naye kazi kwa muda mrefu, ameandika 2/10, n/30. Nimeelewa kwamba nikiwahi napunguziwa, ila sijui kama inafaa nikope benki ili niwahi.

Mwandishi: Marahaba, dada yangu. Umeuliza jambo ambalo wengi hulipita. Maana yake ni kwamba ukilipa ndani ya siku 10 unapunguziwa asilimia 2. Usipowahi, unalipa yote ndani ya siku 30. Kwa ankara ya dola 12,000 utapunguziwa dola 240, kwa hiyo utalipa 11,760. Sasa tuseme umekopa hizo 11,760 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Mkopo huo unakusaidia kwa siku 20 tu, kwa maana siku ya 30 ungelipa vyovyote vile.

```
11,760 x 0.18 x 20 / 365 = 116
```

Riba ni dola 116 na punguzo ni dola 240, hivyo unabakiwa na dola 124. Ondoa humo ada ya kuandaa mkopo. Ikiwa inafika dola 124, acha. Jambo lingine: siku 10 huhesabiwa mpaka fedha imfikie muuzaji, isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hiyo usiende benki siku ya kumi.

Fundi Bomba: Naona somo lina upungufu. LC, yaani benki kuahidi kumlipa muuzaji akileta hati sahihi, ndiyo salama kuliko zote, na hukuitaja kabisa.

Mwandishi: Sikuitaja kwa kukusudia, kwa sababu somo ni la mtu wa dola 12,000. Katika LC benki hutoza ada ya kufungua, ya kurekebisha na ya kukagua hati, nayo aghalabu hutaka dhamana ya fedha taslimu kutoka kwa mfanyabiashara mdogo. Na hata huko, benki hulipa kwa kuangalia hati, haiangalii bidhaa. Kanuni za kimataifa za LC, yaani UCP 600, zinasema hivyo waziwazi. Kwa mzigo wa dola 200,000 ningekuambia ukazungumze na benki yako leo.

Abuu wa Lumumba: Nililipa salio kamili la dola 8,400, muuzaji anasema amepokea 8,365 na amekataa kuachia hati. Je, ananidanganya?

Mwandishi: Huenda anasema kweli. Kwenye fomu ya benki kuna sehemu ya gharama yenye OUR, SHA na BEN. Ukichagua SHA, benki za katikati hukata ada zao kwenye fedha inayosafiri, na muuzaji hupokea pungufu. Ukichagua OUR, gharama zinabaki kwako. Iombe benki nakala ya ujumbe wa malipo wa muamala huo, uangalie kwenye sehemu ya gharama kilichoandikwa, kisha umtumie muuzaji. Kwa dola 35 mwombe aongeze kwenye oda ijayo, kwa kuwa kutuma 35 peke yake kunaweza kugharimu zaidi ya hizo 35.

Abuu wa Lumumba: Nimeangalia, ni SHA. Ahsante sana. Ameniambia pia kwa barua pepe salio la oda ijayo nilitume kwenye akaunti nyingine, yenye jina la mtu binafsi.

Mwandishi: Hapo simama, kaka. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usitumie iliyo kwenye barua pepe hiyo mpya, na umwombe atamke namba ya akaunti. Barua pepe za wauzaji huvamiwa, na mvamizi husubiri siku ya salio. Hata muuzaji akithibitisha, mwambie atoe ankara mpya yenye jina la kampuni na akaunti ya jina hilo hilo. La sivyo, benki na mamlaka ya mapato wote watakuuliza kwa nini ankara ni ya kampuni na fedha imekwenda kwa mtu.

Kijana wa Tandika: Ankara yangu imeandikwa 03/04/2025 na muuzaji yuko Marekani. Nahesabu kutoka 3 Aprili, sivyo?

Mwandishi: Sivyo. Wamarekani hutanguliza mwezi, hiyo ni 4 Machi. Safari hii umeleta tarehe, na hesabu yako iko tayari kwenye hatua ya 5.